Duka ni la Mwenyewe, Hesabu Si Yake: Dhidi ya Hoja ya Mfuko Mmoja

Miongoni mwa wenye maduka ya rejareja katika miji ya Tanzania, hasa wale ambao ndio kwanza wamefungua, imeenea hoja moja ambayo husemwa kwa uhakika kiasi kwamba ni nadra mtu kuidai uthibitisho. Hoja hiyo inashikilia kuwa duka ni mali ya aliyelifungua, mtaji ulitoka mfukoni mwake, hasara ikitokea itamwangukia yeye, na kwa hiyo fedha iliyomo katika droo ya kaunta ni yake sawasawa na fedha iliyomo katika pochi yake. Kuzitenganisha fedha hizo, kwa mujibu wa hoja hii, ni kujichosha bure, na ni jambo linalozifaa kampuni zenye wahasibu na wanahisa, wala si duka la mtu mmoja linalouza sukari, unga, sabuni na vocha. Wapo wanaoikamilisha hoja kwa kuuliza mtu anawezaje kujiibia au kujikopesha mwenyewe. Makala haya yanashika msimamo kwamba hoja hiyo ni sahihi katika jambo moja tu, yaani umiliki, na kwamba inapotoka pale inapoutumia ukweli wa umiliki kujibu swali ambalo si la umiliki hata kidogo, nalo ni swali la kipimo: duka linazalisha kiasi gani, na nyumba inakula kiasi gani.

Ni haki kuanza na upande ambao hoja hiyo ina nguvu. Kisheria, mfanyabiashara wa pekee, yaani mtu mmoja anayefanya biashara bila kuunda kampuni, hatenganishwi na biashara yake. Hata akienda kusajili jina la biashara kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, BRELA, usajili huo humpa haki ya kulitumia jina, lakini haumzalii mtu mpya mbele ya sheria. Duka likishindwa kulipa deni, mdai anaweza kumshtaki mwenye duka mwenyewe na kufuata mali yake ya nyumbani. Kampuni ndiyo iliyo tofauti. Katika kesi maarufu ya mwaka 1897, Baraza la Malodi la Uingereza liliamua kwamba kampuni ya viatu iliyoundwa London na Aron Salomon ilikuwa mtu mwingine mbele ya sheria, ingawa karibu hisa zote zilikuwa mikononi mwake, na kwa sababu hiyo yeye hakuwajibika kuyalipa madeni ya kampuni hiyo. Mwenye duka la mtaani hana ngao ya namna hiyo, na anayesema kuwa duka na yeye ni kitu kimoja mahakamani hasemi uongo.

Hata hivyo, ukweli huo wa mahakamani unahusu nani atalipa deni, na haugusi kabisa namna ya kujua kama deni linakuja. Utunzaji wa hesabu una kanuni yake, ambayo katika makala haya itaitwa dhana ya nafsi ya biashara, nayo inataka kwamba kwa ajili ya kuandika hesabu tu, biashara ichukuliwe kuwa nafsi iliyosimama mbali na mwenye nayo, iwe sheria inaitambua nafsi hiyo au haiitambui. Chini ya dhana hii, mwenye duka anapotoa shilingi 3,000,000 zake kununua bidhaa za kuanzia, yeye kama mtu wa nyumbani amelikabidhi duka fedha hizo, na duka linamwia kiasi hicho. Deni hilo la duka kwa mwenyewe ndilo linaloitwa mtaji. Ndiyo maana hesabu za biashara yoyote hujengwa juu ya mlinganyo mmoja usiobadilika, kwamba mali zote za biashara ni sawa na jumla ya madeni yake kwa watu wa nje na mtaji, ambao ni deni lake kwa mwenye biashara. Mtu anayekataa kuitambua nafsi ya biashara anaufuta upande mmoja wa mlinganyo huu, na baada ya hapo hakuna namba yoyote kuhusu duka lake inayoweza kuthibitishwa kwa nyingine.

Wanaodhani kwamba jambo hili limeletwa na kampuni kubwa za siku hizi wanafaa kukumbushwa kwamba ni la zamani kuliko kampuni hizo. Luca Pacioli, mtawa wa Kiitalia ambaye kitabu chake cha hisabati kilichochapwa Venisi mwaka 1494 kilikuwa cha kwanza kuchapwa kikieleza mfumo wa hesabu za pande mbili, alimwandikia mfanyabiashara mmoja mwenye daftari, wala si bodi ya wakurugenzi. Inafaa kukiri kwamba Pacioli hakutenganisha kila kitu, kwa maana orodha yake ya mali ya kuanzia inachanganya vito, nguo na matandiko ya nyumbani pamoja na bidhaa za biashara. Lakini hata yeye, aliyevumilia mchanganyiko huo, alimtaka mfanyabiashara awe na hesabu ya pekee kwa ajili ya matumizi ya nyumba. Dhana ya leo imekwenda hatua moja mbele yake, kwa kusema kwamba matumizi ya nyumba si gharama ya biashara hata kidogo, bali ni sehemu ya mtaji inayorudi kwa mwenyewe.

Hatua hiyo moja ndiyo inayoamua kila kitu, na umuhimu wake unaonekana vizuri zaidi kwenye bidhaa moja iliyopo rafuni. Tuseme mwenye duka amenunua gunia la sukari la kilo 50 kwa shilingi 125,000, yaani shilingi 2,500 kwa kilo, na anauza kilo moja kwa shilingi 2,900. Gunia likiisha lote kwa wateja, litaingiza shilingi 145,000, na faida ghafi, ambayo ni tofauti kati ya bei ya kuuza na bei ya kununua kabla ya kuondoa kodi ya pango, umeme na gharama nyingine za duka, itakuwa shilingi 20,000. Katika muda wa kuliuza gunia hilo, kilo 6 zimepimwa kwenda jikoni kwake, robo leo na nusu kesho, bila kuandikwa popote, kwa sababu ni sukari yake. Kilo 44 zilizouzwa zimeingiza shilingi 127,600. Mwenye duka anapolinganisha fedha hiyo na shilingi 125,000 alizonunulia gunia, anaona limebaki ongezeko la shilingi 2,600, na anafikia uamuzi ambao unasikika kila siku katika maduka ya aina hii, kwamba sukari haina faida na huuzwa tu ili wateja wasihame. Huenda akapandisha bei na kumpoteza mteja, au akaacha kuweka sukari ya kutosha na kuupoteza mvuto wa duka zima.

Hesabu yenyewe, ikiandikwa kwa kufuata dhana ya nafsi ya biashara, inasema kinyume kabisa. Kilo 44 zilizouzwa ziligharimu shilingi 110,000, na kwa hiyo zimezaa faida ghafi ya shilingi 17,600. Zile kilo 6, ambazo ziligharimu shilingi 15,000, hazikuuzwa wala hazikupotea, bali zilichukuliwa na mwenye mtaji na zinaandikwa katika safu ya matumizi binafsi. Jumla ya 17,600 na 110,000 na 15,000 inarudi kwenye fedha iliyoingia na sukari iliyokwenda nyumbani bila shilingi kubaki hewani. Izingatiwe kwamba kilo zile 6 zinaandikwa kwa bei ya kununulia, yaani shilingi 2,500, wala si 2,900, kwa sababu duka haliwezi kupata faida kwa kumuuzia mwenye mtaji mali ambayo mtaji wake ndio ulioinunua; anayeziandika kwa bei ya kuuza anajitengenezea faida ya karatasi ambayo droo haitaiona kamwe.

Kinachotokea kwa sukari hutokea kwa fedha taslimu, tena kwa namna iliyofichika zaidi. Wenye maduka madogo wengi hawaandiki kila pipi na kila kiberiti wanachouza, na si rahisi kuwadai wafanye hivyo wakati wateja wamesimama kaunta. Mauzo yao hupatikana jioni kwa kurudi nyuma, kwa kuhesabu fedha iliyomo, kuongeza iliyotoka na kuondoa ile iliyoachwa asubuhi kwa ajili ya chenji. Njia hiyo haina kosa lolote, ila usahihi wake unategemea kabisa kujua kila kilichotoka. Iwapo asubuhi droo ilikuwa na shilingi 40,000, jioni ina 96,000, na katikati ya siku zimelipwa 22,000 kwa muuza mikate, 5,000 za umeme wa duka na 8,000 za mboga na nauli ya mtoto, basi mauzo ya siku ni 96,000 kujumlisha 35,000 kutoa 40,000, sawa na shilingi 91,000. Zile 8,000 zisipoandikwa, hesabu itasema mauzo ni 83,000. Fedha ya mboga haikuliwa mboga tu; imekula pia taarifa ya mauzo, na ikirudiwa kila siku kwa siku 90 inafuta mauzo ya shilingi 720,000 katika kumbukumbu ya duka ambalo kwa hakika liliyauza.

Hapa ndipo swali la mtu anawezaje kujiibia linapopata jibu lake. Mwenye duka akishamweka kijana wa kumsaidia, njia pekee ya kugundua kwamba fedha au bidhaa zinapungua kwa mkono usio halali ni kulinganisha kilichopaswa kuwepo na kilichopo. Ikiwa mwenyewe anachukua bila kuandika, kilichopaswa kuwepo hakijulikani, na upungufu wa kijana unajificha ndani ya upungufu wa mwenye duka bila ya yeyote kuweza kuutenga. Matokeo yake ni moja kati ya mabaya mawili: ama mwizi halisi anaendelea kwa miezi, ama kijana mwaminifu anafukuzwa kwa sukari iliyonywewa nyumbani kwa tajiri wake. La pili linastahili kulaaniwa waziwazi, kwa maana linamgharimu mtu jina lake zuri ili kulinda mazoea ya mtu mwingine ya kutoandika.

Methali isemayo mali bila daftari huisha bila habari inajulikana na kila mwenye duka, na wengi wataapa kwamba daftari wanalo. Daftari hilo likifunguliwa, mara nyingi hukutwa na majina ya wateja waliokopa, na pengine bei za bidhaa kutoka kwa muuzaji wa jumla. Mdaiwa ambaye hakosi siku, yaani mwenye duka mwenyewe, hana ukurasa. Gharama ya kukosekana kwa ukurasa huo inaonekana vizuri zaidi katika hesabu ya kipindi kizima kuliko katika hesabu ya siku.

Achukuliwe, kwa mfano wa kubuni, mwanamke aliyefungua duka mtaani Morogoro tarehe 1 Januari akiwa na bidhaa za shilingi 2,400,000 na fedha taslimu 600,000, na hakuwa na deni lolote, kwa hiyo mtaji wake wa kuanzia ni shilingi 3,000,000. Mwisho wa Machi anahesabu tena. Rafuni mna bidhaa zilizonunuliwa kwa 1,700,000, fedha taslimu ni 400,000, wateja wanadaiwa 200,000 ambazo ana hakika watalipa, na yeye anadaiwa 500,000 na muuzaji wa jumla. Mali zake ni 2,300,000, ukitoa deni unabaki mtaji wa 1,800,000. Mtaji umepungua kwa shilingi 1,200,000 katika miezi mitatu, na hitimisho la mfuko mmoja ni la papo hapo: biashara hailipi, mtaa una njaa, au kuna mtu amemwekea mkono.

Lakini kupungua kwa mtaji si hasara. Kanuni inayounganisha miisho miwili ya kipindi ni kwamba mtaji wa mwisho ni sawa na mtaji wa mwanzo, ukijumlisha mtaji ulioongezwa na faida halisi, ukitoa matumizi binafsi. Na faida halisi maana yake ni ile inayobaki baada ya gharama zote za duka. Katika kipindi hicho mwanamke huyo aliingiza dukani shilingi 300,000 alizogawiwa na kikoba chake mwezi wa Februari. Tuseme pia kwamba aliandika kila alichotoa: bidhaa za jikoni zenye bei ya kununulia ya 420,000, fedha za mboga na nauli za kila siku 720,000, ada na sare za shule 600,000, kodi ya nyumba anayoishi 360,000, na michango ya harusi na msiba 300,000. Jumla ni shilingi 2,400,000. Ukizipanga namba hizo katika kanuni, faida halisi haiwezi kuwa nyingine ila 900,000, kwa kuwa 3,000,000 na 300,000 na 900,000 ukitoa 2,400,000 ndiyo 1,800,000. Duka hilo linalodaiwa kuwa halilipi lilizalisha wastani wa shilingi 300,000 kwa mwezi, na nyumba ikachukua 800,000.

Sasa ibadilishwe namba moja. Tuseme mwanamke yuleyule, mwenye rafu zilezile, deni lilelile na mtaji uleule wa 1,800,000 mwisho wa Machi, alikuwa ametoa kwa matumizi ya nyumbani shilingi 1,000,000 tu. Kanuni ileile inatoa hasara halisi ya shilingi 500,000. Mtu anayesimama mlangoni mwa duka hataona tofauti yoyote kati ya hali hizi mbili, wala mwenye duka asiye na safu ya matumizi binafsi hataiona, ilhali dawa ya moja ni sumu ya nyingine. Katika hali ya kwanza duka ni zima na linahitaji kuachiwa. Kupandisha bei, kubadilisha bidhaa au kulifunga ni kukiua chanzo pekee cha kipato kwa kosa ambalo duka halikulitenda. Katika hali ya pili nyumba imejibana vya kutosha, na kuendelea kuibana hakutasaidia, kwa kuwa bei, pango, mikopo ya wateja au bidhaa zinazoharibika ndizo zinazomwaga fedha. Hoja ya mfuko mmoja, hata ikipewa heshima zote, haina njia ya kumwambia mtu huyu yuko katika hali ipi kati ya hizo mbili.

Mchanganyiko hupotosha pia kwa kusifu. Mwanamke wa mfano akiyaandika matumizi yake yote kwa uaminifu lakini akasahau zile 300,000 za kikoba, hesabu itampa faida ya 1,200,000, na atajiona ana duka linaloweza kubeba mkopo ambao kwa kweli haliwezi. Mpaka kati ya nyumba na duka unahitaji kuandikwa pande zote mbili, na mazoea ya kuandika kinachotoka huku kinachoingia kutoka nyumbani kikiachwa kama fadhila ni nusu ya kosa lilelile.

Yapo pia mafundisho yanayopinga mfuko mmoja kwa sababu isiyo sahihi, na yanastahili kukosolewa hata kama nia yake ni njema. La kwanza ni lile linalosema tatizo linakwisha kwa kufungua akaunti ya pili au kuwa na laini mbili za simu, moja yenye Lipa Namba ya duka na nyingine ya binafsi. Hatua hiyo inarahisisha kazi, kwa kuwa taarifa ya miamala inakuwa kumbukumbu inayojiandika yenyewe, lakini haitenganishi chochote kama rafu imeachwa wazi. Katika mfano wa Morogoro, bidhaa za shilingi 420,000 zilikwenda jikoni bila kupita katika laini yoyote ya simu. Droo moja yenye daftari linaloandikwa kila mara ina mpaka ulio imara kuliko akaunti mbili ambazo mwenyewe huhamisha fedha kati yake bila kuandika ni ya nini.

La pili ni ushauri wa kujilipa mshahara. Kama maana yake ni kwamba mwenye duka ajiwekee kiasi maalumu cha kutoa kila mwezi ili asitoe ovyo, ni ushauri mzuri. Lakini mara nyingi mshahara huo huandikwa miongoni mwa gharama za duka, pamoja na pango na umeme, na hapo kosa la mwanzo limerudi kwa mlango wa nyuma. Mwanamke wa mfano akijiandikia mshahara wa 250,000 kwa mwezi kama gharama, faida yake ya miezi mitatu inashuka kutoka 900,000 hadi 150,000, ingawa hakuna mteja aliyepungua wala bei iliyobadilika. Kwa mfanyabiashara wa pekee, kila anachojilipa ni matumizi binafsi, na faida ndiyo malipo ya jasho lake na mtaji wake kwa pamoja. Baada ya kuijua faida hiyo ndipo ana haki ya kujiuliza kama 300,000 kwa mwezi inazidi ujira ambao angeupata akiajiriwa, na swali hilo zito linajibika tu kama faida haikuchafuliwa kwanza na jibu lake. Sheria ya kodi ya mapato nayo haiko upande wa mchanganyiko, kwa kuwa haikubali matumizi binafsi yaondolewe katika mapato ya biashara kama gharama, na katika madaraja ya chini ya kodi ya makadirio kwa wafanyabiashara wadogo humtofautisha mwenye kumbukumbu kamili na asiye nazo.

Ikumbukwe kwamba mpaka wenyewe haupo wazi kila mahali, na mtetezi wa dhana hii asiyekiri hilo anawapa wapinzani wake ushindi wa bure. Duka lililopo katika chumba cha mbele cha nyumba hutumia mita moja ya LUKU na nyumba. Friji la soda na taa za sebuleni vinakula uniti zilezile. Hakuna namba takatifu ya kuugawa umeme huo, ila kuna njia ya haki: kukadiria kwa kipimo kinachoelezeka, kwa mfano kuangalia uniti zinazotumika siku friji likiwa limezimwa na siku likiwa linafanya kazi, na kisha kushikamana na mgawo huo mwezi baada ya mwezi. Kama friji na taa za duka zinakula theluthi mbili, basi katika shilingi 60,000 za mwezi, 40,000 ni gharama ya duka na 20,000 ni matumizi binafsi. Makadirio yenye kasoro ndogo inayojirudia vilevile kila mwezi bado yanaonyesha kama duka linapanda au linashuka, jambo ambalo mgawo unaobadilika kwa hisia za siku hauwezi kulifanya.

Mkopo ni pagumu zaidi. Mwenye duka anapokopa shilingi 1,000,000 kutoka SACCOS yake, akanunua bidhaa za 600,000 na mabati ya nyumba ya 400,000, mkataba una jina moja tu, lakini kwa hesabu za duka deni ni 600,000. Kila rejesho linapolipwa kutoka droo, asilimia 60 yake ni ya duka na asilimia 40 ni matumizi binafsi, na katika ile sehemu ya duka, riba peke yake ndiyo gharama. Kurudisha fedha iliyokopwa hakupunguzi faida, kunapunguza deni. Asiyefanya mgawo huu atalibebesha duka mabati ya nyumba kwa mwaka mzima, na kila mwezi atalalamika kuwa marejesho yanameza faida.

Pingamizi lenye uzito wa kibinadamu kuliko yote limeachwa hadi hapa kwa makusudi. Inasemwa kwamba familia ya kipato kidogo haina anasa ya mipaka, kwamba mtoto akiugua usiku hakuna atakayeuliza droo ni ya nani, na kwamba ndugu aliyefiwa hasubiri mwisho wa mwezi. Pingamizi hili ni la kweli kabisa, na wanaofundisha kwamba fedha ya duka ni mwiko kuguswa wanastahili lawama kwa kuifanya kanuni ya hesabu ionekane kama amri ya kuwatupa watu. Dhana ya nafsi ya biashara haijawahi kumkataza mwenye mtaji kuchukua mtaji wake. Inachodai ni kwamba alichokichukua kiandikwe kwa jina lake, siku hiyohiyo, kwa kiasi kamili. Mtoto apelekwe hospitali kwa fedha ya droo, na shilingi 70,000 ziandikwe katika safu ya matumizi binafsi asubuhi inayofuata. Duka litakuwa limepungukiwa mtaji, lakini mwenyewe atajua kwamba rafu iliyopungua wiki hiyo ilipungua kwa ajili ya dawa, na hatamlaumu muuzaji wa jumla, wala kijana wa duka, wala mtaa. Anayeishi kwa kipato kidogo ndiye asiyeweza kumudu kukosea chanzo cha upungufu wake, kwa sababu hana akiba ya kumvusha katika uamuzi mmoja mbaya. Na kwa kuwa sheria, kama ilivyoelezwa, inamruhusu mdai wa duka kufuata hadi mali za nyumbani, kutotenganishwa kwake mahakamani kunamlazimisha zaidi kujitenganisha katika daftari, ili aione hatari kabla mdai hajaiona.

Mwenye duka ambaye tayari amechanganya kwa miezi kadhaa hana haja ya kuyafukua ya nyuma, kwa kuwa yasiyoandikwa hayarudi na kuyakisia ni kujidanganya kwa namba. Achague jioni moja, ikiwezekana ya mwisho wa mwezi baada ya kufunga, ahesabu bidhaa zote kwa bei ya kununulia, aache nje zilizokwisha muda, ahesabu fedha ya droo na ile ya kwenye simu aliyoitenga kwa duka, aandike wateja anaoamini watalipa, kisha atoe madeni yote ya duka. Kinachobaki ndicho mtaji wake wa usiku huo, kiwe kikubwa au kidogo kuliko alivyotarajia. Kuanzia asubuhi, daftari liwe na safu tatu za kinachotoka, yaani manunuzi, gharama za duka na matumizi binafsi, na safu mbili za kinachoingia, yaani mauzo na mtaji ulioongezwa. Bidhaa zinazokwenda jikoni ziandikwe ukurasa wa nyuma kwa uzito na bei ya kununulia, na zijumlishwe kila Jumapili. Baada ya miezi mitatu hesabu ya bidhaa irudiwe kwa njia ileile, na kanuni ya mtaji itumike kutafuta faida halisi. Kipindi cha mwezi mmoja ni kifupi mno kwa kazi hii, kwa sababu ada za shule, sikukuu na mzigo mkubwa wa bidhaa vikiangukia ndani yake vinaweza kuipotosha picha, ilhali katika miezi mitatu makosa madogo ya kuhesabu rafu huwa hafifu mbele ya mwenendo wenyewe wa duka.